Kusoma vyeo kwenye picha ya mtu aliyevaa yunifomu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanajirudia kila mtu anapotoa picha ya zamani ya ndugu yake, au anapoona picha ya jenerali kwenye habari akataka kujua huyu na yule nani mkubwa. Nimeegemea zaidi mfumo wa jeshi la nchi kavu la Uingereza kwa sababu majeshi mengi ya Jumuiya ya Madola yalirithi mfumo huo, yakabadilisha nembo tu. Mifumo mingine iko mbele kidogo.

## Mambo ya mwanzo

Nikipata picha naanza kuangalia wapi?

Anza na mahali alama ilipo mwilini, usikimbilie kuhesabu nyota. Watu wengi wanakosea hapo hapo, wanaona nyota wanahesabu, wanatoa jibu, kumbe hawajajua hata wanaangalia alama ya nani.

Kwa mfumo wa Kiingereza, afisa mwenye kamisheni anavaa cheo begani, askari wa tepe anavaa kwenye mkono wa juu kati ya bega na kiwiko, na afisa mteule anavaa chini ya kiwiko karibu na kifundo cha mkono. Sasa chukua taji moja tu uone linavyobadilika. Likiwa begani peke yake huyo ni Meja. Taji hilohilo likiwa chini ya kiwiko, huyo ni Afisa Mteule Daraja la II. Likikaa juu ya tepe tatu kwenye mkono wa juu, huyo ni Sajinitaji, jina lenyewe limebeba taji. Alama ni moja ila watu ni watatu tofauti kabisa, na kilichowatenganisha ni mahali tu.

Kwahiyo mpangilio wangu ni huu: kwanza mahali, pili umbo, halafu idadi mwisho kabisa.

Vyeo vya maafisa begani vinapandaje?

Yagawe mabega mafungu matatu, utakariri haraka. Fungu la chini ni nyota peke yake: moja Luteni Usu, mbili Luteni, tatu Kapteni.

Fungu la kati linaanza pale taji linapotokea. Nyota zote zinafutwa, linabaki taji moja, huyo Meja, halafu nyota zinaanza kurudi chini ya taji: taji na nyota moja Luteni Kanali, taji na nyota mbili Kanali, taji na nyota tatu Brigedia. Hapa ndo wengi wanachanganyikiwa maana Meja ana kitu kimoja begani na Kapteni ana vitatu, mtu anadhani Kapteni ndo mkubwa. Umbo linashinda idadi.

Fungu la juu ni la majenerali, na alama yake ni upanga na fimbo fupi vimepishana kama herufi X. Ukiona X hiyo na nyota moja ni Meja Jenerali, X na taji ni Luteni Jenerali, X na nyota na taji vyote kwa pamoja ni Jenerali kamili. Juu yake kuna Fildi Masho, yeye hana upanga, ana fimbo mbili zimepishana ndani ya shada la majani na taji juu.

Mbona Luteni Jenerali ni mkubwa kuliko Meja Jenerali wakati Meja ni mkubwa kuliko Luteni?

Swali zuri na linaulizwa sana. Jibu liko kwenye historia ya jina: cheo cha Meja Jenerali zamani kilikuwa Sajenti Meja Jenerali, neno Sajenti likadondoka likabaki Meja. Luteni Jenerali yeye alikuwa naibu wa Jenerali mwenyewe, maana neno luteni asili yake ni mtu anayeshika nafasi ya mwingine. Naibu wa mkuu akawa juu ya huyo wa pili. Begani utaliona lilelile, mmoja ana taji na mwenzake ana nyota, na taji liko juu ya nyota siku zote.

Nchi ikiwa jamhuri haina mfalme, hilo taji linatoka wapi?

Halipo, limebadilishwa na nembo ya taifa. India wameweka simba wa Ashoka, Pakistani wameweka mwezi mchanga na nyota. Hesabu inabaki ileile, yaani ukiona simba wa Ashoka peke yake begani msomee Meja, simba na nyota mbili msomee Kanali. Kwahiyo ukikutana na jeshi la Jumuiya ya Madola ambalo hulijui, tafuta alama isiyo nyota na isiyo upanga, alama hiyo mara nyingi ndo imekaa kwenye kiti cha taji, jaribu kusoma hivyo kwanza halafu hakikisha kwa orodha ya nchi husika.

Tepe za mkononi zinasomwaje?

Moja Koplo Usu, mbili Koplo, tatu Sajenti, tatu na taji juu yake Sajinitaji. Kwa Waingereza ncha ya V inaangalia chini, kwa Wamarekani wa leo ncha inaangalia juu, na hiyo peke yake inaweza kukuambia picha ni ya jeshi gani hata kama kofia haionekani.

Ila angalia tepe ziko wapi. Tepe zilizo chini ya kiwiko ncha ikiangalia juu sio cheo. Kwenye picha za zamani za jeshi la Uingereza, tepe za hivyo kwenye mkono wa kushoto ni za utumishi wa muda mrefu wenye mwenendo mzuri, na zile ndogo za mkono wa kulia ni za miaka ya huduma wakati wa vita. Nimeona mtu anamwita babu yake Sajenti kwa sababu ana tepe tatu karibu na kifundo, wakati mkono wa juu uko mtupu kabisa. Huyo alikuwa askari wa kawaida aliyetumikia miaka mingi bila kosa, na hilo ni jambo la heshima kwake bila kumbandika usajenti.

## Picha inavyodanganya

Picha ina ukungu, nyota na taji nitatofautishaje?

Nyota ya Kiingereza sio ile ya pembe tano unayochora shuleni. Umbo lake limetokana na nyota ya Nishani ya Bath, lina pembe nne, kwahiyo picha ikipoteza ubora inabaki kama kidoa cha almasi, mraba uliosimama kwa kona. Taji linabaki kidoa kikubwa zaidi, kipana juu na kimenyooka chini. Pia kwenye bega lenye vitu vyote viwili taji ndo linakaa karibu na shingo na nyota zinafuata kuelekea mwisho wa bega. Ukiona kidoa kikubwa upande wa shingoni na vidogo upande wa mkono, una haki ya kufikiria taji na nyota.

Usikuze picha kupita kiasi. Ukikuza sana unaanza kuona miraba ya picha na akili inaanza kujichorea taji lisilokuwepo. Mimi narudi nyuma, naangalia kwa ukubwa wa wastani, nalinganisha bega la kushoto na la kulia maana vyeo huvaliwa yote mawili. Bega moja likiwa na kivuli lingine linaweza kukuokoa. Na usijumlishe mabega, tatu huku na tatu kule ni tatu, sio sita.

Kuna maandishi ya chuma mwisho wa bega, ni cheo?

Hapana. Herufi zile au jina lililopinda kama upinde pale bega linapokutana na mkono ni jina la kikosi. Zinasaidia sana kujua mtu alikuwa kikosi gani, ila kwenye kuhesabu cheo ziache kabisa.

Nitajuaje picha imegeuzwa kushoto kulia?

Angalia riboni za medali. Zinavaliwa kifua cha kushoto cha mwenyewe, yaani upande wa kulia wako wewe unayeangalia. Zikiwa upande wa pili, shuku. Halafu angalia koti: koti la mwanaume kwa kawaida upande wa kushoto wake ndo unalalia juu ya ule wa kulia. Kukiwa na maandishi popote ndo rahisi zaidi. Cheo cha begani hakiharibiki kwa picha kugeuzwa kwa sababu kiko pande zote, kinachoharibika ni zile tepe za chini ya kiwiko nilizosema kwenye swali la tepe, maana hapo kushoto na kulia vina maana tofauti.

Picha ya nyeusi na nyeupe inaficha nini?

Inaficha rangi, na rangi nayo ni cheo. Mfano mkubwa ni vile vipande vya kitambaa kwenye kola ya maafisa wakubwa wa Uingereza. Kwa macho ni vyekundu kabisa, ila filamu nyingi za zamani zilikuwa hazioni mwanga mwekundu, kwahiyo kipande chekundu kinatoka cheusi tii. Mtu anaona kola nyeusi anadhani ni maombolezo au kikosi fulani cha siri, kumbe anaangalia alama ya Kanali kwenda juu.

Kwa Wamarekani shida ni dhahabu na fedha, hiyo nimeieleza chini kwenye sehemu ya majeshi mengine.

## Mfano mmoja mpaka mwisho

Unaweza kuonyesha picha moja inasomwa vipi hatua kwa hatua?

Kuna jamaa alinitumia picha ya kundi, maafisa wamekaa mstari wa mbele na wengine wamesimama nyuma, nyeusi na nyeupe, haina tarehe. Swali lake lilikuwa juu ya mzee wa katikati. Nyumbani kwao walishakubaliana kwamba ni Kapteni, kwa sababu wamehesabu nyota tatu.

Nikaanza na mahali: alama ziko begani, mkono wa juu hauna kitu, kwahiyo ni afisa. Halafu umbo. Zile nyota tatu hazikuwa kwenye mstari, zilikuwa zimekaa pembetatu. Hapo nikasimama, maana Kapteni wa Kiingereza nyota zake zinapangwa mstari mmoja kufuata bega, anayezipanga pembetatu ni Brigedia kwa sababu bega halina nafasi ya vitu vinne kwa mstari. Nikatafuta kitu cha nne. Upande wa shingoni kulikuwa na kidoa kikubwa ambacho wao waliona ni kifungo cha bega. Kifungo kweli kilikuwepo, ila juu zaidi, karibu na kola. Kidoa kile kilikuwa kipana juu kuliko chini. Taji.

Ila sikutaka kutegemea kidoa kimoja, nikashuka kwenye kola. Vipande vyeusi pande zote mbili, na maafisa wengine kwenye picha hawana. Kwa kumbukumbu ya swali la rangi, hivyo ni vyekundu. Kapteni wa kikosi cha kawaida havai hivyo. Ushahidi wa tatu ni kiti: amekaa katikati kabisa, na aliyekaa kulia kwake alikuwa na taji na nyota moja, Luteni Kanali. Isingewezekana Kapteni apewe kiti cha katikati Luteni Kanali akae pembeni yake.

Kisha tarehe. Cheo cha Brigedia chenye taji na nyota tatu kilianza jeshi la Uingereza mwaka 1928, kabla ya hapo kulikuwa na Brigedia Jenerali ambaye alivaa upanga na fimbo bila nyota, na cheo hicho kilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kati ya 1922 na 1928 taji na nyota tatu zilivaliwa na Kanali Kamanda, kwahiyo kama mzee ni Brigedia picha haiwezi kuwa ya kabla ya 1928. Upande wa pili nikaangalia taji kwenye beji ya kofia ya mmoja aliyekaa karibu na kamera: matao yake yalipanda juu yakaviringika bila kubonyea katikati. Hilo ni Taji la Tudor. Elizabeth wa Pili alipoingia, mwanzoni mwa miaka ya 1950 walihamia Taji la Mtakatifu Edward ambalo matao yake yanabonyea katikati. Kwahiyo, tukimsoma Brigedia, picha iko kati ya 1928 na miaka ya mwanzo ya 1950, ukiacha nafasi kidogo mbele kwa sababu beji hazikubadilishwa zote siku moja.

Hatukujua jina la mzee, ila tuliondoka na cheo na kipindi, na familia ikaweza kwenda kutafuta kwenye rekodi za mabrigedia ambazo ni chache mno kuliko za makapteni.

## Majeshi ya mfumo mwingine

Nyota moja begani, huyo ni mdogo au mkubwa?

Inategemea ni nyota ya nani, na hili ndo kosa kubwa kuliko yote. Kwa Mwingereza nyota moja ni Luteni Usu, afisa wa chini kabisa. Kwa Mmarekani nyota moja ni Brigedia Jenerali. Wakikaa picha moja, yule mwenye tatu wa Uingereza ni Kapteni na yule mwenye moja wa Marekani anamzidi mbali sana.

Kwa Mfaransa jenerali wa chini anaanza na nyota mbili, kwahiyo ukimwona jenerali wa Kifaransa mwenye mbili usimpe cheo cha Mmarekani mwenye mbili. Maafisa wa chini yao wanavaa mistari: mmoja Luteni Usu, miwili Luteni, mitatu Kapteni, minne mkuu wa batalioni, na mitano kuna wawili, Luteni Kanali mistari yake inapishana rangi ya dhahabu na fedha, Kanali yote ni rangi moja.

Wamarekani chini ya jenerali wanasomwaje?

Kipande kimoja cha mstatili cha dhahabu ni Luteni Usu, kimoja cha fedha Luteni, viwili vya fedha Kapteni. Jani la mwaloni la dhahabu ni Meja, la fedha ni Luteni Kanali. Kanali anavaa tai aliyetanua mabawa. Shika hili: fedha iko juu ya dhahabu, kinyume na unavyotarajia.

Kwenye picha nyeusi na nyeupe jani la dhahabu na la fedha vinafanana kabisa, mng'ao unategemea taa ilipopiga. Usiandike Meja wala Luteni Kanali kwa uhakika, andika "Meja au Luteni Kanali" halafu tafuta msaada kwenye maelezo ya picha. Ni bora jibu la nusu lililo sahihi.

Na mabega ya Kirusi yenye mistari?

Mabega magumu ya Kisovieti yalirudishwa mwaka 1943, na mfumo wake umeendelea Urusi. Angalia mstari unaokwenda urefu wa bega. Mstari mmoja ni afisa mdogo: nyota moja mpaka nne, kutoka Luteni wa chini kabisa mpaka Kapteni. Mistari miwili ni afisa mkubwa, nyota zinaanza upya: moja Meja, mbili Luteni Kanali, tatu Kanali. Bega lisilo na mstari lenye nyota kubwa ni jenerali. Kwahiyo Kapteni ana nyota nne na Meja ana moja, na ukikosa kuona mistari umekosea kila kitu. Kanuni ni ileile ya mwanzo, umbo kabla ya idadi.

## Kesi ngumu

Picha ni ya kabla ya 1902, hesabu ni ileile?

Sio. Kuanzia 1880 mpaka 1902 Mwingereza mwenye nyota moja alikuwa Luteni, mwenye mbili Kapteni, na Luteni Usu bega lake lilikuwa tupu. Mwaka 1902 ndo wakaongeza nyota moja kwa kila mmoja wa hao. Kwahiyo babu mwenye nyota mbili kwenye picha ya 1895 ni Kapteni, na kwenye picha ya 1910 nyota mbili hizohizo ni Luteni. Bila kukadiria tarehe huwezi kusoma.

Afisa wa Vita vya Kwanza hana kitu begani, amevuliwa cheo?

Hapana, angalia mkononi. Maafisa wengi wa Uingereza wakati huo walivaa nyota na taji kwenye pindo la mkono wa koti, zimeshonwa kwenye kipande chenye ncha, na mistari kuzunguka kifundo. Alama zilikuwa zinaonekana mbali na wadunguaji wa adui walizitumia, ndo maana wengine walihamishia begani mapema, na mwaka 1920 mfumo wa kuvaa cheo kwenye pindo la mkono ukaachwa.

Ana tepe mbili lakini rekodi inasema Koplo Usu, nani kakosea?

Inawezekana hakuna aliyekosea. Kwenye vikosi vya Gadi za Miguu vya Uingereza, Koplo Usu anavaa tepe mbili, sio moja. Na nyota za maafisa wa Gadi zina umbo tofauti, kwa mfano Gadi za Skotilandi wanatumia nyota ya Nishani ya Mbigili, ila idadi inasomwa kama kawaida. Kabla ya kubishana na rekodi, tafuta kwanza kikosi.

Polisi ana nyota tatu, ni Kapteni?

Alama ni ya Kapteni ila cheo sio Kapteni. Polisi wa Uingereza wanatumia nyota na taji zilezile: mbili Inspekta, tatu Inspekta Mkuu, taji peke yake Sapritendenti. Ukifika juu kabisa upanga unapotea, wanaweka virungu vidogo vimepishana ndani ya shada. Kwahiyo soma kofia na vifungo ujue ni polisi au jeshi, ndo utaje jina la cheo.

Kapteni wa majini na Kapteni wa nchi kavu wako sawa?

Mbali kabisa. Kapteni wa jeshi la majini la Uingereza ana mistari minne mkononi na analingana na Kanali wa nchi kavu. Anayelingana na Kapteni wa nchi kavu ni Luteni wa majini mwenye mistari miwili. Nyuma ya picha kukiwa kumeandikwa tu "Kapteni", angalia kama mkono una mistari au bega lina nyota kabla hujamuweka kwenye ngazi.

Picha inaonyesha Meja, hati za kustaafu zinasema Kapteni. Picha ni ya uongo?

Kuna vyeo vya kukaimu na vya muda, hasa wakati wa vita. Afisa anapewa kazi ya Meja, anavaa taji la Meja, kazi ikiisha anarudi kwenye cheo chake cha kudumu. Bega linaonyesha alichokuwa anakifanya siku ile kamera ilipopiga, hati inaonyesha alichokuwa nacho kwa kudumu. Andika vyote viwili, na pembeni ya kile cha picha weka mwaka.